Uso Umepooza Upande Mmoja na Jicho Halifungi: La Kufanya Kuanzia Saa ya Kwanza

Mtu akiamka akakuta mdomo umekwenda upande, maji ya kusukutua yanamwagika kwenye kona moja na jicho moja limebaki wazi, karibu kila aliye karibu naye huangalia mdomo, maana ndio unaoonekana kwanza. Lakini kwa wagonjwa wengi mdomo uliopinda hurudi. Kinachoweza kuharibika kwa siku chache tu na kisirudi ni jicho. Kwa hiyo kazi zimepangwa hivi: kuhakikisha si kiharusi, kupata dawa kabla saa 72 hazijapita, na kulilinda jicho bila kusubiri hizo kazi mbili zimalizike.

Kwanza, tazama paji la uso

Uso ukilegea ghafla, ichukulie ni dharura mpaka mhudumu wa afya amkague mgonjwa. Kiharusi kinachotokana na damu iliyoganda kina dawa ya kuiyeyusha, na kwa kawaida dawa hiyo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kwa hiyo usikae nyumbani kupima na kupima tena. Nenda, na hayo mengine yaangalie mkiwa njiani.

Mwambie mgonjwa anyanyue nyusi zote mbili kama mtu aliyeshangaa, kisha tazama mikunjo ya paji. Misuli ya paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kiharusi kikipiga upande mmoja, upande wa pili bado unatuma amri, na paji hukunjamana sawasawa ingawa mdomo umepinda. Lakini neva ya uso, yaani mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso, ikizimika yenyewe huko nje ya ubongo, amri zote hukwama mahali pamoja na nusu nzima ya uso hulegea. Paji upande huo linakuwa laini bila mkunjo, nyusi inashuka, jicho halifungi, mstari unaotoka puani kwenda kwenye kona ya mdomo unafutika, na kona yenyewe inaning'inia.

Wengi hulielewa jambo hili kinyume. Wakiona nusu nzima ya uso imelala hudhani ndiyo hatari zaidi, na wakiona mdomo tu umepinda kidogo huona ni jambo dogo. Mdomo uliopinda huku paji likiwa zima ndio unaotakiwa kukutia hofu ya kiharusi.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Kiharusi kinachopiga shina la ubongo, pale neva ya uso inapoanzia, kinaweza kulegeza na paji pia. Kwa kawaida hakiji peke yake, kwa hiyo kagua mambo mengine. Anyooshe mikono yote miwili mbele huku amefumba macho, uone kama mmoja unashuka. Muulize kama anaona vitu viwili viwili, kama chumba kinazunguka, kama mguu au mkono umekufa ganzi. Mwache aseme sentensi ndefu. Mwenye mdomo uliopooza atayumba kwenye herufi za midomo kama p, b na m, lakini maneno yake yatakuwa sahihi na yamepangika. Anayechanganya maneno au asiyeelewa unachosema ana tatizo la ubongo. Tazama pia kope ya juu. Neva ya uso hufunga jicho, haifungui. Anayefungua ni neva nyingine. Kwa hiyo jicho la mwenye neva ya uso iliyozimika hubaki wazi kupita kiasi. Ukikuta kope ya juu imeangukia jicho na haiinuki, huo si ugonjwa wa neva ya uso, na hospitali inapaswa kuambiwa hivyo mapema.

Kasi yake, na kilichotokea ndani

Kiharusi kwa kawaida huja kwa dakika. Kupooza kwa neva ya uso huchukua saa kadhaa hadi siku mbili au tatu kufika kileleni, na mara nyingi mtu hugundua akiamka. Wengi husimulia kwamba siku moja au mbili kabla walihisi maumivu nyuma ya sikio, chakula kilikosa ladha upande mmoja wa ulimi, au sauti za kawaida kama sahani zikigongana zilikuwa kali mno sikioni.

Dalili hizo zote zinatoka kwenye neva ileile moja. Ikitoka kwenye ubongo hupita ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio, na humo njiani hutoa matawi madogo: moja la machozi, moja la kamsuli kanakopunguza ukali wa sauti ndani ya sikio, na moja la ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi. Kisha hutoka chini ya sikio, hupita ndani ya tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, na kujigawa usoni. Neva ikivimba ndani ya mfereji ule wa mfupa haina pa kupanukia. Hujibana yenyewe, damu haiifikii vizuri, na ujumbe haupiti. Aina inayotokea sana ni hii isiyo na chanzo kingine kinachoonekana, ambayo hubeba jina la Charles Bell, daktari mpasuaji wa Uskoti aliyeieleza neva hii mwaka 1821. Inadhaniwa kwamba mara nyingi kirusi kilicholala kwenye neva huamka na kuleta uvimbe huo. Huonekana zaidi kwa wenye kisukari na kwa wajawazito wa miezi mitatu ya mwisho.

Jina hilo hupewa mgonjwa baada ya visababishi vingine kuondolewa, kwa hiyo daktari ana mahali pa kuangalia, nawe una haki ya kumkumbusha. Ndani ya sikio na nyuma yake: malengelenge yenye maumivu makali, hasa kama usikivu umepungua au kuna kizunguzungu, ni mkanda wa jeshi uliopiga neva ya uso, na unahitaji dawa ya virusi pamoja na ile ya kupunguza uvimbe, kuanzia siku hiyohiyo. Usaha sikioni au uvimbe kwenye mfupa wa nyuma ya sikio ni maambukizi ya sikio yaliyofika kwenye neva, nayo ni kazi ya daktari wa masikio. Uvimbe mbele ya sikio au chini ya taya, au uso uliokuwa ukilegea polepole kwa wiki nyingi, huongeza shaka ya uvimbe wa tezi. Pande zote mbili zikipooza pamoja, hiyo ni habari nyingine kabisa, na mgonjwa alazwe achunguzwe. Vipimo vya sukari, shinikizo la damu na Virusi vya Ukimwi vina maana hapa, kwa sababu matokeo yake hubadilisha matibabu.

Dawa: dozi kamili, kabla ya saa 72

Dawa iliyothibitika ni prednisoloni, ya jamii ya steroidi, ambayo hupunguza uvimbe wa neva. Utafiti wa Uskoti uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia watu wapatao 500. Baada ya miezi 3, waliopewa prednisoloni 83 kati ya kila 100 walikuwa wamepona kabisa, na wasiopewa walikuwa 64 hivi. Baada ya miezi 9 ilikuwa 94 dhidi ya 82. Kwa maneno mengine, wengi hupona hata bila dawa, lakini dawa huwapunguza wale wanaobaki na uso uliopinda. Faida hiyo ilionekana kwa walioanza ndani ya saa 72.

Kwa mtu mzima dozi inayotumika ni miligramu 50 kwa siku kwa siku 10. Njia nyingine inayokubalika ni miligramu 60 kwa siku 5, kisha kupunguza miligramu 10 kila siku mpaka kwisha. Hapa ndipo mambo huharibika. Kidonge cha miligramu 5 ni kidogo, na miligramu 50 ni vidonge 10 kwa siku, 100 kwa tiba nzima. Mgonjwa akiona lundo hilo hudhani karatasi imekosewa, akameza viwili asubuhi na viwili jioni. Hiyo ni chini ya nusu ya dozi, na saa 72 zinakwisha akiwa anaamini anatibiwa. Kama idadi inakutia wasiwasi, rudi kwa aliyeiandika umuulize, usiipunguze mwenyewe. Meza baada ya kula, na sehemu kubwa ya dozi iwe asubuhi, kwa sababu ikimezwa jioni hufukuza usingizi. Kwa tiba ya siku 10 tu, siku zikishatimia unaweza kuacha dawa bila kushuka ngazi kwa ngazi, isipokuwa daktari aseme vinginevyo.

Kabla ya kuanza, sema wazi kama una kisukari, shinikizo la damu, vidonda vya tumbo, kifua kikuu au maambukizi mengine, au una mimba. Si kwamba dawa inakatazwa moja kwa moja kwa wote hao. Mwenye kisukari, kwa mfano, sukari yake itapanda na huenda dawa zake zikaongezwa kwa muda, na hilo lipangwe mapema. Mtoto naye apelekwe kwa daktari, kwa kuwa uamuzi wa kumpa dawa hii ni tofauti na wa mtu mzima, na watoto wengi hupona vizuri.

Dawa ya virusi peke yake haiponyeshi aina hii. Madaktari wengine huiongeza juu ya prednisoloni pale uso unapokuwa umelala kabisa, na hapo faida yake ni ndogo.

Jicho

Sehemu hii isomwe na mgonjwa pamoja na yule atakayelala naye chumba kimoja, kwa sababu nusu ya kazi hufanyika wakati mgonjwa hajioni.

Kupepesa ndiko kunakolilowesha jicho. Kila kope inaposhuka hueneza machozi juu ya konea, ile ngozi angavu iliyo mbele ya mboni, na kufagia vumbi. Kope isiposhuka, konea hukauka, ikikauka huchubuka, na mchubuko ukiingiwa na vijidudu huwa kidonda. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe, na kovu likiwa mbele ya mboni, uoni huo umepotea hata kama uso wote utarudi kama zamani.

Jambo moja huwapoteza karibu wote: jicho lililopooza mara nyingi linatiririsha machozi shavuni. Mtu husema, "Mbona limelowa, nitie matone ya nini?" Machozi yanamwagika kwa sababu kope ya chini imelegea na tundu la kuyapokea, lililo kwenye kona ya karibu na pua, limejitenga na jicho. Pia jicho linalowasha kwa ukavu huita machozi zaidi. Yanapita pembeni, hayatandazwi. Juu ya konea bado ni pakavu.

Anza kwa kupima ukubwa wa hatari. Mwambie mgonjwa afumbe macho taratibu kama anayelala, asikaze. Tazama upenyo uliobaki. Kwa watu wengi mboni hupanda juu wanapojaribu kufumba, hivyo unaona nyeupe tu, na hiyo ni kinga ya asili. Kama bado unaiona sehemu ya rangi ya jicho, konea iko wazi usiku kucha, na mgonjwa huyo aonwe na mtaalamu wa macho siku hiyo au kesho yake. Vivyo hivyo kama anapoguswa kwenye paji au shavu upande huo hahisi sawa na upande wa pili. Ngozi ya uso na konea hupata hisia kupitia neva nyingine, na jicho lisilohisi huweza kupata kidonda kikubwa bila maumivu yoyote ya kumwonya mtu.

Mchana, tia machozi bandia, tone moja kila saa moja au mbili wakati wote ukiwa macho. Chagua yasiyo na kihifadhi, kwa sababu kihifadhi kikitiwa mara nyingi hivyo huchubua konea chenyewe. Kila dakika chache, hasa ukisoma au ukitazama skrini, ishushe kope kwa mgongo wa kidole kisafi mpaka ikutane na ya chini, kisha iachie. Hiyo ndiyo kupepesa kwako kwa sasa. Vaa miwani mikubwa inayofunika pembeni unapotoka, kaa mbali na upepo wa feni, na lenzi za kuvaa jichoni ziweke kando mpaka jicho lifunge. Usitie matone yaliyobaki ya ugonjwa mwingine wa macho. Yenye steroidi hupunguza kinga ya jicho na kukiacha kidonda kikue, na ya kuondoa wekundu hukufichia dalili ambayo ungeipeleka kwa daktari.

Usiku, matone hayatoshi kwa sababu hukauka ndani ya saa moja. Tumia dawa ya mafuta ya kulainisha jicho, ya tyubu, kisha fungia kope kwa plasta laini ya karatasi inayotumika hospitalini. Fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Kata plasta vipande viwili vya urefu wa sentimita 5 hivi na uviweke tayari.

2. Vuta kope ya chini kidogo, na ndani yake weka mstari wa dawa wa sentimita 1, bila ncha ya tyubu kugusa jicho. Macho yataona ukungu. Ndiyo maana dawa hii hutiwa ukiwa umeshakwenda kitandani.

3. Mwambie mgonjwa atazame chini, kwenye miguu yake. Hatua hii wengi huiruka kisha wanashangaa kope haikai. Mtu akitazama mbele, msuli wa kufungua jicho uko kazini na unaivuta kope juu. Akitazama chini unalegea, na kope inashuka kwa kidole kimoja bila kulazimishwa.

4. Kope ikiwa chini na imekutana na ya chini, futa mafuta yaliyotoka juu ya ngozi kwa gozi kavu. Ngozi ikibaki na mafuta, plasta itaachia usiku wa manane.

5. Bandika plasta juu ya kope, juu kidogo ya mstari wa nywele zake, kwa mshazari, ncha ya nje ikishukia kwenye mfupa wa shavu. Kama kope ya chini imening'inia, kipande cha pili kianzie chini ya kona ya nje ya jicho, kiiinue kope kwenda juu upande wa panja.

6. Amulike mtu kwa tochi kutoka pembeni. Usionekane hata uzi wa nyeupe, na nywele za kope zisiwe zimekunjwa kuingia ndani. Ukiona upenyo, bandua uanze upya. Plasta iliyoshika nusu ni mbaya kuliko kukosa plasta, kwani mtu hulala na uhakika usiokuwepo.

Asubuhi ilowanishe kwa maji ya vuguvugu na uibandue taratibu huku kidole kingine kimeishikilia ngozi, kwa maana ngozi ya kope ni nyembamba sana.

Usiweke pamba au gozi moja kwa moja juu ya jicho kisha ukaifunga bila kwanza kuifunga kope. Chini ya kifuniko hicho jicho hufunguka, na nyuzi huisugua konea usiku kucha. Wapo wanaoingia hospitali na konea iliyochubuliwa na bandeji iliyokusudiwa kuilinda. Kama plasta haishiki kwa sababu ya jasho, karatasi nyembamba ya plastiki, ile ya kufunikia vyakula, inaweza kutandwa kuanzia kwenye nyusi hadi shavuni juu ya jicho lililotiwa dawa, kingo zake zikabandikwa kwenye ngozi. Plastiki haigusi konea, na unyevu hubaki ndani. Mtoto mdogo asifanyiwe hivyo.

Jicho likianza kuuma, likawa jekundu, likaogopa mwanga, likatoa uchafu, au uoni ukawa na ukungu ambao hauondoki dawa ya mafuta ikishafutwa, nenda siku hiyohiyo. Mtaalamu atatia rangi ya manjano na kumulika kwa mwanga wa bluu. Mahali palipochubuka patang'aa kijani. Ni kipimo cha dakika mbili kisichouma.

Mfano mmoja, siku kwa siku

Tuchukue mwanamke wa miaka 41 mwenye shinikizo la damu linalodhibitiwa kwa dawa. Jumapili jioni anahisi maumivu nyuma ya sikio la kushoto. Jumatatu asubuhi chai inamwagika upande wa kushoto wa mdomo, na akiosha uso sabuni inamwingia jichoni. Mumewe anamwambia anyanyue nyusi, na upande wa kushoto wa paji haukunjiki hata kidogo. Mikono ina nguvu sawa, anatembea vizuri, haoni vitu viwili. Wanakwenda hospitali asubuhi hiyo.

Daktari anaangalia ndani ya sikio na hakuti malengelenge wala usaha. Anapapasa mbele ya sikio na chini ya taya, hakuna uvimbe. Anamwambia afumbe macho taratibu, na upenyo wa milimita 4 unabaki, nyeupe tu ikionekana. Akikaza kwa nguvu zote bado haufungi. Hili linaonyesha udhaifu mkubwa, kwani kwenye kipimo cha ngazi sita wanachotumia madaktari, jicho lisilofunga hata kwa kukaza humweka mgonjwa ngazi ya nne au zaidi. Sukari iko sawa, shinikizo limepanda kidogo. Anaandikiwa prednisoloni vidonge 10 kwa siku kwa siku 10, machozi bandia na dawa ya mafuta ya usiku, na anaambiwa shinikizo lipimwe tena baada ya siku 3, kwa sababu dawa inaweza kulipandisha.

Jumanne uso umelegea zaidi kuliko jana. Hapa wengi huacha dawa wakidhani haifai. Ugonjwa huu huendelea kuzidi kwa hadi siku tatu hata dawa ikiwa imeanza, kwa hiyo Jumanne kuwa mbaya kuliko Jumatatu ni jambo linalotarajiwa. Lisilotarajiwa ni uso kuendelea kulegea wiki ya pili, na hilo ni la kurudishwa hospitali.

Alhamisi anaamka na jicho linakwaruza kama lina mchanga. Kumbe usiku mumewe alibandika plasta bila kufuta mafuta, ikaachia. Jicho si jekundu sana lakini linauma kwenye mwanga. Anakwenda siku hiyo, rangi inaonyesha mchubuko mdogo sehemu ya chini ya konea, pale ambapo jicho lililo wazi hukauka kwanza. Anapewa dawa ya kuua vijidudu ya tyubu, anaonyeshwa upya kubandika plasta, na baada ya siku 2 mchubuko umefungika. Angesubiri wiki, kidonda kingeweza kuwa kirefu. Siku ya 17 kona ya mdomo inacheza kidogo akicheka. Hiyo ndiyo dalili anayoisubiri daktari.

Wiki zinazofuata

Wagonjwa walio wengi huona mwendo wa kwanza ndani ya wiki 3. Hapo neva ilibanwa tu, haikukatika ndani, na kupona huwa kuzuri. Wiki 3 zikipita bila hata mtetemo, mgonjwa apelekwe kwa bingwa, maana huenda nyuzi za neva zimekufa na zinaota upya. Huota kwa takriban milimita 1 kwa siku, na safari ya kutoka kwenye mfereji wa mfupa hadi kwenye mdomo huchukua miezi. Miezi 3 ikipita na uso haujakamilika, apelekwe tena hata kama kuna nafuu. Kama jicho nalo bado haliwezi kujilinda, mpasuaji wa macho anaweza kuweka kipande kidogo cha dhahabu au platini ndani ya kope ya juu, kikaivuta chini kwa uzito wake, au kushona sehemu ya kona ya nje ya kope.

Katika kusubiri, usiukaze uso mbele ya kioo kwa nguvu, usitafune bazoka kutwa, na usikubali mashine za umeme za kushtua misuli bila ushauri wa mtaalamu wa viungo anayejua uso. Neva inayoota upya inaweza kupeleka nyuzi mahali pasipo pake. Ule uzi wa mdomo ukifika kwenye jicho, mtu akitabasamu jicho hujifumba, na ule wa mate ukifika kwenye tezi ya machozi, akila machozi humtoka. Hili hujitokeza miezi kadhaa baadaye, na kuulazimisha uso mzima ufanye kazi kwa pamoja hakusaidii. Kinachofaa ni mwendo mdogo, wa polepole, sehemu moja kwa wakati, pande mbili zikilingana, hata kama kinachoonekana ni kidogo sana. Ikishatokea, sindano ya sumu ya botulini kwa dozi ndogo hulegeza misuli inayojikaza na kuleta ahueni kwa miezi michache.

Kula upande ulio mzima, na baada ya kula pitisha kidole ndani ya shavu lililopooza, kwa kuwa mabaki ya chakula hukaa humo na meno huoza.

Plasta ya usiku isiachwe kwa sababu jicho limeanza kufunga mchana. Mchana mtu hujikaza. Usingizini hakuna wa kumkazia. Kabla ya kuiacha, alale usiku mmoja akiwa na dawa ya mafuta bila plasta, na mtu mwingine amwangalie kwa mwanga hafifu saa moja baada ya kusinzia. Kope zikiwa zimekutana kuanzia kona ya ndani hadi ya nje, plasta imemaliza kazi yake. Dawa ya mafuta iendelee wiki 2 zaidi, na matone ya mchana yapunguzwe kidogo kidogo, kutoka kila saa hadi kila saa nne, kadiri jicho linavyokaa siku nzima bila kuwasha.